Salio la dawa matawini halilingani na la stoo kuu

*"Wakuu, tuna kliniki tatu na stoo kuu moja. Kila tawi lina kompyuta yake, na intaneti ikirudi linatuma salio la dawa makao makuu. Kila wiki namba zinapishana. Tunakosea wapi?"*

Mkuu, kosa liko kwenye neno "salio". Nilihangaika na jambo hilihili karibu mwaka mzima kwenye kliniki tulizokuwa tunazihudumia, na halikutulia mpaka tulipoacha kabisa kutuma salio.

Siku iliyonifungua macho ilikuwa hivi. Tawi moja liliamka na paketi 120 za dawa mseto ya malaria. Mtandao ukakatika. Dirishani wakatoa paketi 18, kompyuta ya tawi ikabaki na 102. Mchana huohuo stoo kuu ikawapakilia paketi 60, na kule makao makuu karani akaliongezea tawi salio, likasoma 180. Jioni mtandao uliporudi, tawi likatuma 102 yake, ikaifuta ile 180. Mzigo ulipofika, rafuni kulikuwa na paketi 162, seva inasema 102. Hakuna aliyeiba. Namba mbili zilikuwa na nusu ya ukweli kila moja, na iliyochelewa ikaimeza mwenzake. Kibaya zaidi, mfumo ukaona tawi limepungukiwa, ukaagiza dawa nyingine juu ya zilizokuwepo.

Dawa yake ni kutuma miamala: imetoka 18, imeingia 60. Salio linapatikana kwa kujumlisha, kama kwenye leja ya karatasi ambapo hufuti mstari wa juu, unaandika mpya chini yake. 120 toa 18, ongeza 60, ni 162, hata miamala ikifika kwa mpangilio gani.

Ila hapo unafungua mlango wa tatizo la pili. Tawi linatuma "imetoka 18", seva inapokea, halafu mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Tawi linadhani haijafika, linatuma tena, na seva inatoa 36. Kwa hiyo kila muamala uwe na namba yake ya pekee, kama ile ya kwenye meseji ya M-Pesa. Sisi tulitumia UUID, na inazaliwa pale tawini dawa inapotolewa. Ukiizalisha wakati wa kutuma, kila jaribio litapata namba mpya na hujafanya kitu. Kwenye PostgreSQL, seva inapokea hivi:

```sql
INSERT INTO muamala (id, tawi, dawa, bechi, kiasi)
VALUES ($1, $2, $3, $4, $5)
ON CONFLICT (id) DO NOTHING;
```

Kama unatunza salio kwenye jedwali la pembeni ili ripoti zifunguke haraka, libadilishe ndani ya transaksheni hiyohiyo, na pale tu mstari mpya ulipoingia kweli. Mwenzetu mmoja alisahau sharti hilo: miamala haikujirudia, lakini salio likaendelea kupungua mara mbili.

Mzigo ulio barabarani nao upe mahali pake. Stoo kuu ikitoa 60, ziingie kwenye akaunti ya "njiani". Tawi likihesabu na kukuta 58, lipokee 58. Mbili zitabaki njiani zikionekana, na utajua wa kumuuliza.

Sehemu iliyotutesa kuliko zote ni kuhesabu stoo. Chukua tawi lilelile: seva inasema 162, lakini wametoa 7 ambazo bado hazijatumwa, kwa hiyo leja ya tawi ina 155. Mfamasia anahesabu rafuni, anakuta 154. Upungufu halisi ni paketi moja. Ukilinganisha na seva utaandika upungufu wa 8, na zile 7 zikifika baadaye zinatolewa tena: seva itasoma 147. Hesabu ilinganishwe na leja ya tawi, dirisha likiwa limefungwa kwa dakika hizo, na kinachotumwa kiwe ile tofauti ya -1 pamoja na sababu yake.

Seva ikionyesha salio hasi, usiukatae muamala. Dawa imeshaondoka na mgonjwa. Upokee, kisha mwulize mhusika. Kwetu hasi nyingi zilitokana na mzigo uliofika tawini na kuanza kutolewa kabla haujapokelewa kwenye kompyuta. Nyingine zilikuwa za vipimo: stoo kuu imeandika kopo 1, tawi linatoa vidonge, na kopo lile lina 1,000. Chagua kipimo kidogo kuliko vyote kwa kila dawa, leja zote zikae kwenye hicho, na kopo libaki kwenye skrini ya kuagizia tu.