Mwezi wa Kumi Ndio Unaopima Damu ya Boa

Wafugaji wenzangu wa mbuzi huku Ismani, Iringa, wakishaona chotara wa kwanza wa Boa, yule mbuzi mkubwa wa nyama wa asili ya Afrika Kusini, akikua, huniuliza swali moja: nipandishe damu hadi wapi? Wengi wanataka kila uzao urudishiwe beberu wa Boa mpaka zizi zima liwe jeupe kwa mwili na jekundu kwa kichwa. Ushauri wangu ni mwingine. Kiwango cha damu kisiwe kimoja kwa zizi zima. Kipangwe kwa kila jike peke yake, na anayekipanga ni mwezi wa kumi, majani yakiwa yameisha na mvua haijaanza.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mtoto huchukua nusu ya damu kwa baba na nusu kwa mama. Jike wa kienyeji akipandwa na Boa anazaa chotara wa nusu. Binti huyo akipandwa na Boa mwingine anazaa wa robo tatu, na mjukuu wake anakaribia asilimia 88. Watu huona namba zikipanda wakadhani na kilo zitapanda vivyo hivyo. Haziendi hivyo. Chotara wa nusu ana faida ya pekee: koo mbili zisizo na undugu zikikutana, mtoto huwa na nguvu ya ziada ya kukua na kuhimili shida. Nguvu hiyo ni kamili kwenye uzao wa kwanza tu. Kwa mtoto wa robo tatu inabaki nusu yake, na huku mwili wake mkubwa unadai chakula zaidi.

Nichukue zizi la jirani yangu, maana tumepima pamoja kwa mizani ya kuning'iniza. Alikuwa na majike wa kienyeji ishirini, akachagua kumi na wawili wa kumpa Boa. Hakuangalia ukubwa. Alichukua waliowahi kulea mapacha hadi kuachisha, wenye chuchu mbili nzima, na ambao hawakuwahi kushikiliwa ili wasimame kiangazi. Majike wanaozaa kwa mara ya kwanza aliwaachia beberu wa kienyeji, na hapo nasisitiza: nyonga zao bado finyu, mtoto wa Boa anaweza kukwama. Beberu naye alikuwa kijana wa karibu mwaka mmoja, kwa sababu dume la kilo themanini humwangusha na kumuumiza jike wa kilo ishirini na tano.

Beberu aliingizwa mvua zilipokwisha kushika, mwezi wa kumi na mbili. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, kwa hiyo watoto walizaliwa mwezi wa tano, mama wakiwa bado na mwili na matope yakiwa yamekauka. Walipotimiza miezi minne, vitoto vya kienyeji vilikuwa na kilo tisa hivi, chotara kilo kumi na tatu. Kwa mwaka mmoja wa kienyeji alikuwa na kilo kumi na nane, chotara ishirini na saba, na wote walichunga pori moja bila nyongeza.

Uzao wa pili ndio uliotufundisha. Mabinti wote wa nusu walipewa Boa. Watoto wa robo tatu walizaliwa wazito na wazuri wa kutazama. Waliopewa robo kilo ya pumba na mashudu ya alizeti kila jioni walifika kilo thelathini na moja kwa mwaka. Walioachwa wajitafutie kwenye vichaka waliishia ishirini na nne, chini ya mama zao walipokuwa na umri huo. Yaani uzao wa pili ulihitaji mfuko wa mashudu ili usirudi nyuma.

Dalili za damu iliyozidi malisho huonekana mapema, kabla ya mizani. Mbuzi anaacha kula saa nne asubuhi na kukimbilia kivuli wakati wa kienyeji bado wanasimama kwa miguu ya nyuma kuchuma majani. Manyoya yanasimama, kwato zinarefuka. Mvua zikikolea, funua kope la chini la jicho: likiwa jekundu yuko salama, likiwa limepauka minyoo inamnyonya damu. Mwenye kope lililopauka ndiye wa kunyweshwa dawa. Ukiwanywesha wote kila mara, minyoo inazoea dawa, na wewe hutajua kamwe ni nani anayehimili mwenyewe. Jike anayepauka kila masika, hata awe mzuri namna gani, usibakize binti yake.

Sasa mtihani wa mwezi wa kumi. Weka kiganja mgongoni nyuma ya ubavu wa mwisho, ubonyeze pande mbili za uti. Kama ncha za mifupa zinachoma vidole kama meno ya kitana, amefeli. Kama kuna nyama na unaihisi mifupa kwa mbali, amefaulu. Hapo hapo angalia daftari: je, alilea mtoto hadi kuachisha? Jike wa nusu aliyefaulu yote mawili apewe Boa tena. Aliyefeli mgongo lakini alilea vizuri apewe beberu bora wa kienyeji, mtoto atakuwa na robo ya Boa na ugumu wa bibi yake utarudi. Aliyefeli yote auzwe. Mwenye robo tatu sisi huku tunampa wa kienyeji karibu kila mara. Anayepata malisho mengi na ana banda kavu, kwa mfano kule Uyole au Rungwe mkoani Mbeya, anaweza kwenda mbali zaidi, ila baridi na unyevu wa huko humdai mabanda yenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa na macho makali kwa minyoo na kuoza kwato.

Hereni za masikioni ni lazima, maana kwa macho huwezi kutofautisha nusu na robo tatu. Nimeona wa robo mwenye kichwa chekundu kabisa.

Kuhusu beberu, nunua huyo mmoja tu kutoka nje na majike uwapate kwa kuzalisha hapohapo. Kupe wa huku hubeba ugonjwa wa moyo kujaa maji. Kitoto kinachokutana nao katika wiki za mwanzo za maisha mara nyingi hujenga kinga, lakini mbuzi mkubwa aliyetoka mahali pasipo kupe hupata homa kali, huinua miguu juu akitembea, huzunguka, kisha hutupa miguu na kufa. Sindano ya oksitetrasaiklini husaidia ikiwahi siku ya homa, mtaalamu wa mifugo akiwa karibu. Mgeni huyo mtenge wiki tatu au nne, awe amechanjwa sotoka ya mbuzi na kondoo na homa ya mapafu ya mbuzi, na umuogeshe kwa ratiba.

Chotara madume wahasi wakiwa na miezi mitatu, wote. Dume la nusu likiachwa hupanda dada zake, na hata likipanda wageni watoto wake hutofautiana sana. Beberu wa Boa naye kabla hajafikisha mwaka mmoja zizini badilishana na mfugaji wa kijiji kingine, kwa kuwa mabinti zake wanaweza kushika mimba wakiwa na miezi saba au minane. Kabla hajaondoka, andika hereni za mabinti zake wote upande mmoja wa daftari, ili beberu anayefuata asiwe ndugu yao.