Kabla ya kumwandikia mhadhiri kuhusu intigrali "iliyokosewa"

Muhula wa pili nilirudishiwa karatasi ya jaribio la kalkulasi ikiwa na mkwaju mwekundu kwenye swali la alama 4. Nilipewa 1. Swali lilikuwa ∫ sin x cos x dx. Mimi niliandika −½ cos²x + C, ilhali jibu lililobandikwa ubaoni lilikuwa ½ sin²x + C.

Nikiwa kwenye matatu kuelekea Ngara nilipiga picha na kumtumia mhadhiri: "Daktari, nimeonewa." Kimya. Jioni nilipoikuza ile picha nikaona aibu: kidole changu kilikuwa kimefunika alama ya kutoa, na ukingo umekata + C. Kwa alichokiona yeye, jibu lilikuwa ½ cos²x, na hilo kweli si sahihi.

Basi nikaketi, nikapiga picha upya mchana dirishani, ukurasa mzima, nikaandika hivi:

"Daktari, habari za asubuhi. Naomba unisaidie kuelewa swali la 3, picha nimeambatisha. Niliweka u = cos x, hivyo du = −sin x dx, nikapata −½ cos²x + C. Nikitafuta derivativu ya jibu hilo napata −½ · 2 cos x · (−sin x), yaani sin x cos x, ambayo ndiyo tuliyopewa. Nikitoa jibu langu kwenye lako, bila C, nabaki na ½ sin²x + ½ cos²x = ½. Je, si kwamba hiyo ½ inamezwa na C? Kama nimeteleza mahali, naomba unionyeshe mstari."

Tazama hakuna neno "nimeonewa" humo. Mhadhiri ana rundo la karatasi na mwongozo wenye jibu moja; anayeweka u = sin x hufika kwake moja kwa moja, anayeweka u = cos x hufika kwa mlango wa nyuma. Hoja yenye uzito ni derivativu. Kujaribu namba mbili tatu hakutoshi, maana majibu mawili yanaweza kupishana kwa ½ pale x = 0 na x = π/2, kisha yakaachana kwingine.

Aliniita ofisini, akapitisha kalamu juu ya mstari wa du, akaandika 4. Akaniambia pia kwamba ningesahau C asingenipa zote, kwa sababu bila C yale majibu mawili ni fomula tofauti kabisa: pale x = 0 moja ni 0, nyingine −½.

Rafiki yangu aliposikia akataka kunakili barua ileile. Nikamwambia atafute derivativu kwanza. Yeye alikuwa ameandika ½ cos²x + C, na ikatoka −sin x cos x. Barua hakuituma.