Kuchangia hifadhi ya jamii bila mshahara

"Biashara yangu ni ya msimu. Naweza kujiunga na mfuko nichangie nikipata tu?"

Unaweza, ndugu. Jisajili kama mchangiaji wa hiari kwa kitambulisho chako, upewe namba ya uanachama. Ila uliza kwanza: ukilipa kwa mkupuo, unaandikiwa miezi mingapi? Pensheni huangalia miezi pia, si pesa tu. Mfuko ukidai miezi 180 nawe unaandikiwa 8 kwa mwaka, utafika baada ya miaka 22 na nusu, si 15. Wakikubali malipo ya mbele, msimu mzuri ufunike miezi mikavu, kila mmoja kwa kiwango cha chini angalau. Kisha kagua taarifa ya michango: namba ikikosewa tarakimu moja, pesa haionekani kwako, na bila risiti utasumbuka kuidai.