Jipu lenye usaha halimalizwi na vidonge

Aliyeuliza aliandika hivi: "Wakuu, mume wangu ana uvimbe pajani, wiki ya pili sasa. Alimeza ampiklox akamaliza dozi, ukapungua, halafu ukarudi mkubwa zaidi. Zahanati wanasema upasuliwe, muuza duka la dawa anasema tubadilishe dawa iwe kali zaidi. Yeye anaogopa kisu. Tumsikilize nani?"

Dada, pole kwa kuuguza. Mimi ni tabibu, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kwenye chumba cha upasuaji mdogo cha kituo cha afya, nikipokea uvimbe wa namna hiyo. Wasikilizeni zahanati, kwa sababu wao wameugusa. Swali la kujiuliza ni moja tu: ndani ya huo uvimbe kuna usaha au hakuna? Jina la dawa na ukali wake ni mambo ya baadaye.

Kuna maambukizi yanayotambaa ndani ya ngozi na mafuta ya chini yake bila kukusanya usaha mahali pamoja. Hospitali wanayaita selulaitisi. Mara nyingi hukamata mguu. Mguu unavimba, unakuwa wa moto, unauma, ngozi inavutika na kung'aa. Kwa ngozi zetu nyeusi usitafute wekundu, utaukosa; tafuta eneo lililoiva rangi kuliko jirani yake, kisha pitisha mgongo wa kiganja ulinganishe joto na mguu wa pili. Ukibonyeza, kote ni kugumu kwa namna moja, na huoni ukingo ulio wazi. Hapo damu bado inapita katikati ya wadudu, kwa hiyo dawa inawafikia. Mgonjwa hupewa kloksasilini au sefaleksini kwa siku tano hadi saba, anainua mguu juu ya mto, na tunamkagua katikati ya vidole, maana fangasi wa pale ndio huwa mlango wa wadudu. Mimi huchora ukingo wa eneo lenye joto kwa kalamu. Siku ya kwanza unaweza kuvuka mstari kidogo hata kama dawa ni sahihi, lakini ikifika siku ya tatu unatakiwa uwe unarudi nyuma. Ukimpasua mgonjwa huyu unapata damu tu, na umemwongezea kidonda.

Jipu ni habari nyingine. Mwili umezungushia wadudu ukuta, na ndani ya ukuta huo hakuna mishipa ya damu. Dawa ya kumeza husafiri kwa damu, sasa itaingiaje? Hata kiasi kidogo kinachopenya kinakuta usaha wenye tindikali, seli zilizokufa, na wadudu wengi mno ambao wameacha kuzaliana kwa kasi. Antibayotiki nyingi huua vizuri wadudu wanaozaliana, hao waliotulia zinawapita. Ndiyo sababu ya kilichowapata nyinyi: dawa ilituliza nyama ya pembeni, uvimbe ukaonekana kunywea, homa ikashuka, lakini usaha ukabaki palepale. Dozi ilipoisha, ukaanza upya. Uvimbe unaopungua kwa dawa kisha kurudi mahali palepale, mimi huwa nahesabu una usaha mpaka nithibitishe vingine.

Kuthibitisha si kazi kubwa. Unaweka vidole viwili pande mbili za uvimbe, na kwa kidole cha mkono mwingine unabonyeza katikati. Kama kuna majimaji, vidole vya pembeni vinasukumwa. Jipu lililoiva huwa na ukingo mgumu na katikati laini, na ngozi ya juu huanza kubabuka. Shida ni paja na tako, kwa kuwa nyama ni nene na usaha unaweza kuwa chini kabisa, hata ndani ya msuli, usihisi kitu. Hapo tunachoma sindano nene na kuvuta, au tunampeleka altrasaundi.

Nikupe mfano wa kijana mmoja wa bodaboda. Alikuja na paja la nje limevimba, ameshameza amoksilini, ampiklox na azithromaisini kwa kufuatana, zote za dukani. Kwa juu pote palikuwa pagumu. Nilichoma sindano, bomba likajaa usaha mzito wa manjano. Tukampiga ganzi. Naomba mume wako asikilize hapa: ganzi ikichomwa katikati ya jipu haishiki vizuri, kwa sababu ya ile tindikali. Inatakiwa ichomwe kwenye ngozi yenye afya inayozunguka jipu, kisha watu wasubiri kama dakika tano. Wengi wanaosimulia mateso ya kupasuliwa, mateso yao yalitokana na haraka hiyo. Nikakata kama sentimita tatu, mahali palipo laini zaidi. Tundu dogo la sindano halitoshi, linaziba usiku huohuo. Usaha ulipotoka nikaingiza kidole chenye glavu, nikavunja kuta za ndani, kwani jipu kubwa huwa na vyumba na ukiacha kimoja litarudi. Tukasafisha kwa maji ya dripu ya chumvi mpaka yakatoka meupe, tukaweka gozi kwa ulegevu, hatukushona. Kidonda hiki kinatakiwa kijae kutoka chini kuja juu. Ukishona mdomo, umefungia usaha mwingine ndani. Maumivu ya kupwita yaliisha jioni ile. Kidonda kilifungwa upya kila siku, kikajaa ndani ya wiki tatu hivi. Tulimpima na sukari, ikasoma 16, na hakuwa anajua kwamba anaumwa kisukari. Mume wako naye apimwe.

Vidonge baada ya kupasua vina nafasi yake, lakini ni ya pili. Marekani walifanya utafiti mkubwa uliochapishwa 2016: wagonjwa wote wa majipu walipasuliwa, kisha nusu wakapewa Septrini na nusu vidonge visivyo na dawa. Waliopasuliwa tu, karibu robo tatu walipona. Waliopata Septrini walikuwa kama asilimia 80. Kwa hiyo kazi kubwa ilifanywa na kisu, dawa ikaongeza kidogo. Mimi sisiti kuongeza dawa kama kuna homa, kama selulaitisi imesambaa kuzunguka jipu, au kama mgonjwa ana kisukari au kinga yake iko chini.

Msilikamue nyumbani. Mnaweza kulipasulia ndani, usaha ukasambaa. Pia angalieni liko wapi hasa. Kama liko juu kabisa karibu na kinena, msikubali likatwe kabla halijapimwa, kwa sababu pale panapita mshipa mkubwa wa damu na panatokea henia pia. Uvimbe ambao ukiugusa unadunda kama mapigo ya moyo haupasuliwi zahanati. Na uvimbe usio na joto wala maumivu, uliokua polepole kwa miezi, unaweza kuwa wa TB, na tiba yake ni tofauti.

Mkienda, ulizeni mapema kama wana ganzi ya kutosha na nani atakuwa anafunga kidonda kila siku. Lakini kama kabla ya hapo maumivu yatazidi sana kuliko uvimbe unavyoonekana, au ngozi ikatoa malengelenge, ikafa ganzi yenyewe, au ukisikia inachakarika chini ya vidole, msiende zahanati wala msingoje asubuhi. Hayo ni maambukizi yanayokula nyama kwa saa, mpelekeni moja kwa moja hospitali yenye chumba kikubwa cha upasuaji.