NaBH4 au LiAlH4, wakati esta inatakiwa ibaki?

"Nina ethili asetoasetati. Nataka ketoni igeuke alkoholi, esta isiguswe. Nitumie ipi?"

NaBH4. Ile nyingine itakula vyote viwili, utabaki na butani-1,3-dioli. Kwa gramu 1.3 (milimoli 10), yeyusha kwenye ethanoli, weka chombo kwenye barafu, tia gramu 0.19 za NaBH4 kidogokidogo. Kihesabu hata nusu yake ingetosha, maana kila molekuli ina hidridi nne, ila nyingine hupotelea kwenye ethanoli. Kisha pima kwa infraredi: mkanda wa ketoni karibu na 1715 utoweke, wa esta karibu na 1740 ubaki.

— Sahihi, NaBH4 haigusi esta kabisa.

— Hiyo "kabisa" umezidisha, ndugu. Esta iliyokaa jirani na ketoni namna hii si ngumu sana. Zidisha NaBH4, iache usiku kucha nje ya barafu, utaanza kuona dioli.

— Mimi nilikuwa na asidi ya kaboksili. NaBH4 ilitoa mapovu tu. LiAlH4 kwenye etha kavu ikafaulu, lakini nilipotia maji nikapata uji wa kijivu usiochujika!

— Hilo ni swali jingine, ila maji yalizidi. Kwa kila gramu 1 ya LiAlH4, juu ya barafu, tone kwa tone: maji mililita 1, soda kaustiki ya 15% mililita 1, halafu maji mililita 3. Kijivu kikigeuka chembe nyeupe, chuja.