Posho ya 120,000 kwa mwanagenzi wa kusuka mota: namna ninavyoipima

"Wakuu, mdogo wangu amemaliza VETA fani ya umeme na amepata nafasi ya uanagenzi wa miezi sita kwenye karakana ya kusuka mota hapa Dar. Wanampa 120,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki, na anapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Mimi naona ananyonywa, mama anasema ashukuru amepata pa kujifunzia. Nani yuko sahihi?"

Mkuu, nimekuwa upande wa mdogo wako, na kwa miaka kadhaa sasa niko upande wa anayempokea mtu kama yeye, kwa hiyo nitajibu kwa hesabu kabla ya kusema nani yuko sahihi.

Tuanze na gharama ya kufika kazini. Kwa viwango vilivyoanza Desemba 2023, nauli ya daladala Dar es Salaam kwa safari isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600, na nauli ya mwanafunzi ya 200 haimhusu tena kwa kuwa amehitimu na hana sare. Safari nne kwa siku ni 2,400. Ukichukua siku 26 za kazi kwa mwezi, nauli peke yake ni 62,400. Chakula cha mchana kwa mama ntilie, wali maharage wa 2,000 bila soda, kinafika 52,000. Jumla ni 114,400, na kwenye ile 120,000 zinabaki 5,600. Maana yake ni kwamba karakana inamrudishia gharama ya kufika na kula, basi. Haimlipi kitu kwa kazi yake, lakini pia haimtoi fedha mfukoni. Posho iliyo chini ya kiwango hicho ningeikataa hata kama mwenye karakana ni mwalimu bora kuliko wote, kwa sababu hapo familia ndiyo inayolipia nguvu kazi ya mtu mwingine.

Swali linalobaki ni kama kumrudishia gharama tu kunatosha, na jibu lake hubadilika kadiri miezi inavyokwenda. Nieleze yaliyonikuta mimi mwenyewe.

Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa hasara tupu. Kazi niliyopewa ni kufumua mota zilizoungua: unakata vichwa vya koili upande mmoja kwa patasi, unavuta waya upande wa pili, unahesabu mizunguko ya kila koili, unapima unene wa waya kwa maikromita baada ya kuondoa vanishi, kisha unachora namna koili zilivyopangwa kwenye mifereji. Mota ya nguvu farasi tatu iliyokuwa na mizunguko 44 kwa koili mimi niliihesabu 40, kwa sababu waya zilikuwa zimegandamana na nilizivuta kwa haraka. Fundi alisuka kwa kufuata karatasi yangu. Mota ilipowashwa bila mzigo ilivuta umeme mwingi kupita kiasi na baada ya dakika chache ikaanza kutoa harufu ya vanishi inayoungua, kwa kuwa mizunguko ikipungua sumaku ndani ya chuma inazidi na umeme unapanda. Kilo mbili za waya wa shaba zilitupwa kwenye chuma chakavu na siku mbili za fundi zikapotea.

Mtu anayesema mwanagenzi alipwe kama fundi tangu siku ya kwanza huwa hajawahi kununua waya wa shaba. Hata hivyo, mwenye karakana yule aliikata bei ya waya ile kutoka kwenye posho yangu kwa miezi miwili, na hapo alikosea. Waya unaoharibika mikononi mwa anayejifunza ndiyo gharama yenyewe ya kufundisha, na ndiyo hoja anayoitumia kueleza kwa nini posho ni ndogo. Hawezi kuitumia hoja hiyo kupunguza posho kisha akaidai tena kwenye kile kilichobaki. Mdogo wako aulize jambo hili mapema: nikiharibu, nani analipa?

Kufikia mwezi wa nne nilikuwa nafumua, nasuka, naingiza karatasi za kuhami, nafunga, nachovya vanishi na kupima uhami kwa mega kabla ya kumwita mtu. Mwezi ule nilikamilisha mota nane ndogo peke yangu. Mteja alilipa wastani wa 180,000 kwa kila moja, na waya, karatasi, vanishi na beringi vilichukua kama 100,000, kwa hiyo kila mota iliacha 80,000 pale karakana. Posho yangu ya mwezi mzima ilikuwa kama faida ya mota moja. Nilipouliza niliambiwa, "Wewe bado unajifunza." Ilikuwa kweli, maana hata leo bado najifunza, lakini halikuwa jibu la swali nililouliza.

Kwa sababu hiyo, sasa ninapopokea mwanagenzi ninamtaka awe na daftari dogo, mbali na lile la chuo. Kila jioni anaandika saa zake katika mafungu manne: saa alizofundishwa au kutazama, saa alizofanya kazi fundi akiwa kando yake, saa alizofanya peke yake kazi inayolipiwa na mteja, na saa za kufagia, kufuata chai na kupeleka mizigo. Haihitaji kuandikwa kila mwezi. Wiki mbili za mwezi wa kwanza na wiki mbili za mwezi wa nne zinatosha kuonyesha picha.

Kijana wa mwisho niliyemsimamia alikuwa na saa 90 katika wiki mbili, yaani saa 45 kwa wiki, ambazo ndizo saa za kawaida za juu kabisa kisheria kabla ya saa za ziada. Mwezi wa kwanza daftari lake lilionyesha saa 38 za kufundishwa, 40 za kusimamiwa na 12 za kufagia na kutumwa. Za peke yake hazikuwapo. Mwezi wa nne zilikuwa 10 za kufundishwa, 20 za kusimamiwa, 52 za peke yake na 8 za kutumwa. Huyo si mtu yuleyule, na posho moja haiwezi kuwafaa wote wawili.

Tulipimaje nyongeza? Tulichukua zile saa za peke yake, 52 kwa wiki mbili, yaani 104 kwa wiki nne. Kima cha chini cha mshahara katika viwanda na biashara kwa amri ya 2022 kilikuwa 150,000 kwa mwezi, ambacho kwa saa 195 za mwezi ni kama 769 kwa saa. Mara 104 unapata takriban 80,000. (Amri mpya iliyoanza Januari 1, 2026 imepandisha viwango, kwa hiyo mdogo wako atumie kiwango kipya cha sekta yake.) Nilipendekeza kijana apewe ile 115,000 ya gharama pamoja na 80,000, jumla 195,000.

Bosi wa karakana ninayofanyia kazi alipinga, na upingaji wake haukuwa wa kipuuzi. Alisema mfanyakazi wa kima cha chini anapata 150,000 na anajilipia nauli mwenyewe, iweje mwanagenzi ampite? Nilimjibu kwamba hapa kwetu hakuna msukaji mota anayelipwa kima cha chini. Fundi wetu anapata 450,000, ambayo ni kama 2,300 kwa saa. Kijana alitumia siku mbili kwa kazi ambayo fundi anaimaliza kwa siku moja, kwa hiyo saa yake ilikuwa na thamani ya nusu, kama 1,150. Kwa hesabu hiyo saa 104 zingekuwa karibu 120,000, si 80,000. Tulikubaliana 170,000 kuanzia mwezi wa nne. Sikuridhika kabisa, na bosi hakuridhika pia.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi, ingawa kipo kifungu kimoja ambacho wengi hawakijui. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kuna hata dalili moja kati ya kadhaa zilizotajwa. Miongoni mwake ni kupangiwa saa na namna ya kufanya kazi, kupewa vitendea kazi na huyo anayekutumia, na kumfanyia kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mwanagenzi wa siku sita kwa wiki anazifikisha saa 45 katika wiki moja. Kwa hiyo jina "mwanagenzi" kwenye barua halimalizi mjadala, na mgogoro kama huo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini usimwambie aende huko akiwa na matumaini makubwa. Dhana hiyo inaweza kupingwa, na karatasi ya mafunzo yenye orodha ya stadi, jina la msimamizi na tarehe za kupimwa ni ushahidi mzuri kwa mwenye karakana. Karatasi hiyo ikikosekana kabisa, ushahidi huo hana.

Sasa kwenye kesi yako. Kwa miezi miwili ya kwanza mama yuko sahihi: 120,000 inakidhi gharama, na karakana itapoteza waya na muda juu ya mdogo wako. Kama posho hiyo imeandikwa isibadilike kwa miezi yote sita, wewe ndiye uko sahihi, kwani kuanzia mwezi wa nne, au wa tatu kama ana mkono mwepesi, atakuwa anaingiza fedha. Mwezi wa tatu sitaupigia kelele, huo ni wa katikati.

Kabla hajasaini, aombe mambo matatu yaandikwe: posho iangaliwe upya mwishoni mwa mwezi wa tatu kwa kutumia daftari la saa, bei ya vitu vitakavyoharibika isikatwe kwake, na nani analipa hospitali akijikata kwa patasi au akizidiwa na moshi wa vanishi. Kiasi cha nyongeza asikitaje leo, kwa sababu hana bado cha kuonyesha. Akikataliwa lile la kwanza huku akikubaliwa mawili yanayobaki, mimi ningemwambia aende kwa miezi mitatu, ajifunze kufumua na kuhesabu mizunguko sawasawa, huku akiandika daftari lake na kuulizia karakana za jirani.