Barua ya nyongeza ya muda: michoro ya paa ilipochelewa

“Mshauri amerudisha barua yetu ya kuomba nyongeza ya muda. Anasema kuchelewa kwa michoro ya paa hakuonyeshi kuathiri tarehe ya kukabidhi. Tuandikeje?”

Ndugu, mshauri akijibu hivyo hakatai kwamba michoro ilichelewa. Anachouliza ni kazi gani ilisimama kwa sababu hiyo, na kusimama kwake kuliisogezaje tarehe ya mwisho. Nitaeleza kwa madai niliyoyaandaa kwa jengo la ukumbi hapa Moshi, lenye kenchi za chuma.

Kwa ratiba iliyoidhinishwa, michoro ya kenchi ilipaswa kutufikia tarehe 3 Februari, karakana ichomelee kwa siku 14 hadi tarehe 17, na kenchi zipandishwe tarehe 23. Michoro ilifika tarehe 24 Februari, yaani siku 21 nyuma. Bosi alitaka tudai zote 21, nikamkatalia, kwa kuwa kati ya kumaliza kuchomelea na kupandisha ratiba ilikuwa na siku 6 za akiba, na mshauri angeziona mara moja. Barua ikasomeka hivi:

“Bila vipimo vya plati za maungio, karakana haikuweza kukata chuma. Uchomeleaji ulianza tarehe 24 Februari mara michoro ilipopokelewa, ukakamilika tarehe 10 Machi, na kenchi zikaanza kupandishwa siku hiyo badala ya tarehe 23 Februari. Ringi bimu ilikuwa tayari kabla ya tarehe 23 Februari, hivyo hakuna sababu nyingine iliyozuia upandishaji. Kwa kuwa mabati, dari na umaliziaji wa ndani hufuata kenchi na havina akiba, tunaomba siku 15.”

Sentensi ya ringi bimu ndiyo iliyobeba barua nzima. Kama zege lake lingekuwa bado, mshauri angesema hata michoro ingewahi msingepandisha kitu, na mabishano yangehamia kwenye uzembe wenu. Kwa hiyo ambatisheni ukurasa wa shajara ya saiti wenye tarehe ya kumwaga zege, rejesta ya michoro yenye saini ya mapokezi, na barua mlizoandika kuikumbushia. Siku za mvua za masika, kama zipo, ziwekeni kwenye aya yake, maana zinathibitishwa kwa kumbukumbu tofauti.

Tazameni pia mkataba wenu ni upi. Kwa FIDIC ya 1999, kitabu chekundu, kifungu 1.9 kinahusu michoro iliyochelewa na kinamtaka mkandarasi amwarifu mhandisi mapema, huku kifungu 20.1 kikitaka taarifa ya madai itolewe ndani ya siku 28 tangu mlipolijua au mlipopaswa kulijua tatizo, na maelezo kamili ndani ya siku 42. Ikiwa barua iliyorudishwa ndiyo iliyokuwa taarifa yenu na ilifika ndani ya siku hizo 28, msiifute. Itajeni kwa tarehe na kumbukumbu namba, kisha hii mpya iiteni maelezo ya kina ya madai yaleyale.